Tangi la plastiki huanza kufa begani

Miezi michache iliyopita niliitwa kutazama tangi la plastiki la lita 1,000 lililopasuka juu ya paa. Lilikuwa na umri wa miaka minne tu. Mwenyewe alishaamua kwamba fundi aliyelipandisha ndiye aliyelidondosha. Nilimuuliza ufa umeanzia wapi, akanionyesha begani, pale ukuta unapopinda kuelekea kwenye mfuniko, upande unaopigwa na jua la alasiri.

Hapo fundi wa watu nikamwondoa kwenye kesi. Maji husukuma ukuta kwa nguvu zaidi kadiri unavyoshuka chini, kwa hiyo tangi lililoelemewa huvimba kiunoni na kupasuka karibu na kitako. Begani maji hayasukumi karibu chochote. Nilipitisha kidole juu ya plastiki, kikarudi na unga mweupe kama wa chaki. Nikaisogelea zaidi, nikaona vijufa vidogo vilivyotapakaa mfano wa tope lililokauka. Hilo ni jua.

Matangi haya hutengenezwa kwa polithini. Kiwandani, unga wake hutiwa kwenye kalibu inayozungushwa huku ikipashwa moto, ukayeyuka na kugandamana ukutani. Polithini ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana, na unyumbufu wake unatokana na urefu huo. Miale ya urujuanimno huikata minyororo hiyo. Plastiki ambayo jana ilikuwa ikibonyea na kurudi, leo inavunjika kama ganda la yai, na kwa kuwa tangi hutanuka mchana na kusinyaa usiku, haihitaji kugongwa na mtu.

Kinga bora ninayoijua ni ya rahisi kuliko zote: kaboni nyeusi, yaani masizi laini sana, kiasi cha asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito, yaliyosambaa sawasawa ndani ya plastiki. Masizi hayo huimeza miale kabla haijapenya. Matangi ya rangi nyingine hutegemea kemikali za kuzuia miale, nazo hupungua nguvu miaka inavyokwenda. Zipo nzuri na zipo za kubahatisha, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana, mteja asiyejali rangi ya tangi lake, mimi humchagulia jeusi. Maji yake hupata joto kidogo, kweli, lakini giza la ndani hunyima mwani mwanga wa kuotea. Tangi la rangi hafifu lisilo na tabaka jeusi hupitisha mwanga: mulika tochi kali kwa nje huku ukichungulia mdomoni, na ukiuona ukuta unang'aa, jiandae kusugua ukijani.

Nikitaja tabaka, wauzaji hupenda kuzihesabu. Tatu, nne, tano! Hesabu hiyo hainiambii chochote nisipojua unene wa jumla. Kwa hiyo mimi huenda na mizani.

Chukua tangi lile la paani. Lilikuwa na kipenyo cha mita 1.1 na kimo hichohicho. Ukijumlisha ukuta wa pembeni, kitako na juu, unapata eneo la takriban mita za mraba 5.7. Lita moja ya polithini ina uzito wa kama kilo 0.94, hivyo kila milimita moja ya unene inakula kilo 5 na ushei. Tangi la unene wa wastani wa milimita 5 litakaribia kilo 27. Lile tulilipima likiwa tupu na kavu: kilo 17. Maana yake wastani wa milimita 3 na kidogo, na kwa kuwa plastiki haijipangi sawa kote ndani ya kalibu, begani huenda palikuwa pembamba zaidi. Kwa ukubwa huo, mimi chini ya milimita 4 huanza kutia shaka.

Uzito peke yake hautoshi, maana plastiki chakavu iliyoyeyushwa upya nayo ina uzito. Hapa ninategemea kitu ambacho wengi hukitupa: kidonge cha plastiki kinachotoka tundu la bomba linapotobolewa. Kikague ubavuni. Ukiona mapovu mengi, au upande wa ndani una chembechembe kama mchanga, plastiki haikuiva. Ikiwa upande wa ndani umegeuka rangi ya kahawia na una harufu ya kuungua, imeiva kupita kiasi na itavunjika mapema. Kisha sugua tangi jipya kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikiachia sana, yawezekana ilichanganywa juu juu tu na unga badala ya kuyeyushwa pamoja na plastiki, na masizi yaliyokaa mabongemabonge hayakingi kitu, tena huudhoofisha ukuta.

Mteja wangu, baada ya kusikia hayo, akasema basi atanunua la chuma, jua halitalifanya lolote. Kwa upande wa jua alisema kweli. Chuma cha pua, ambacho wengi hukiita stenlesi, hakijali miale. Adui yake ni chumvi, na yeye maji yake yalitoka kisimani na yalikuwa na ukakasi wa chumvi ulimini. Daraja la 304, lililozoeleka kwenye matangi, kwa kawaida hushauriwa lisitumike kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, inapozidi miligramu 200 kwa lita. Daraja la 316 huvumilia zaidi, hadi karibu 1,000. Kutu yake haianzi kwa kutapakaa. Hutoboa vitundu vidogo kama vya sindano kwenye mishono ya kuchomelea na juu ya usawa wa maji, ambako matone hukauka na kuacha chumvi. Tulipeleka maji yakapimwa: miligramu 480. Tangi la 304 lingetoboka huku nje likiwa bado linameremeta.

Na muuzaji asikuridhishe kwa kukuonyesha kwamba sumaku hainasi. Daraja la 201, lenye nikeli kidogo na linaloshika kutu upesi, nalo kwa kawaida halivutwi na sumaku, ilhali 304 halisi inaweza kuvutwa kidogo pale ilipokunjwa. Dai daraja liandikwe kwenye risiti. La mabati yaliyopakwa zinki sikulijadili kabisa, maana maji ya chumvi huila zinki hiyo haraka.

Tukarudi kwenye plastiki, na sasa swali likawa tununue la kiwanda gani. Sifa ya kiwanda siitafuti kwenye matangazo. Ninaangalia juu ya mapaa: matangi ya nembo hiyo yenye miaka minane au kumi, nikayapitishia kidole begani. Ninatazama kama jina na tarehe ya kutengenezwa vimechongwa kwenye plastiki yenyewe au ni karatasi tu ya kubandika, kwa sababu bila tarehe hakuna wa kumdai. Halafu ninaisoma dhamana mpaka mwisho. Moja ilisema miaka kumi, na chini kwa herufi ndogo ikaondoa "athari za hali ya hewa". Tangi linalokaa nje, na jua limeondolewa kwenye dhamana!

Alinunua jeusi la kilo 26. Mbao zilizoachana zilizokuwa chini ya tangi la zamani tulizing'oa, tukamimina jukwaa la zege la kubeba kitako chote, baada ya kuhakikisha paa linahimili tani moja ya maji na zege lenyewe. Kidonge cha tundu la bomba nilikiandika tarehe nikampa akiweke ndani, mbali na jua, ili siku akitaka kujua bega limebadilika kiasi gani awe na cha kulinganishia.