Kushiya: mwanafunzi anapomtia mwalimu wake kwenye kona

Kushiya ni neno la wasomi wa Talmudi, kitabu kikuu cha sheria na mijadala ya Kiyahudi. Maana yake ni swali la pingamizi, na mzizi wake wa Kiebrania unahusu ugumu. Mwanafunzi haleti kushiya kwa sababu hajaelewa somo. Anaileta kwa sababu ameelewa masomo mawili na ameona kwamba hayawezi kusimama pamoja. Kwa hiyo kushiya haiombi maelezo, inadai jibu. Jibu lake huitwa terutsi, lenye maana ya kunyoosha kilichopinda. Waliokaa darasa za kitabu msikitini watakumbuka ishkali, ugumu unaoibuliwa katika somo. Si kitu kilekile, lakini ni majirani.

Kushiya ilipata umbo lake kamili kaskazini mwa Ufaransa katika karne ya 12, hasa jimbo la Champagne. Rashi wa Troyes (1040–1105) alikuwa ameshaifafanua karibu Talmudi yote, sentensi kwa sentensi. Wajukuu zake na wanafunzi wao hawakuwa na haja ya kurudia kazi hiyo. Wao walichukua ukurasa mmoja wakaugonganisha na mwingine ulio mbali nao. Maandishi yao yanaitwa Tosafoti, yaani nyongeza. Katika Talmudi iliyochapwa, matini yamo katikati, sharhe ya Rashi iko upande wa mshono wa kitabu, na Tosafoti ziko upande wa nje.

Vyuo vyao vilikuwa vidogo, mara nyingi ni nyumba ya mwalimu na wanafunzi wachache. Inasimuliwa kwamba mbele ya Rabi Isaka wa Dampierre, mmoja wa walimu hao, walikaa wanafunzi 60, kila mmoja akiwa amehifadhi sehemu ya Talmudi ambayo mwenzake hakuihifadhi. Hata kama idadi hiyo imeongezwa chumvi, inaeleza vizuri jinsi kazi ilivyofanyika. Mwalimu aliposema neno, palikuwa na mtu wa kulipima kwa kila pembe ya kitabu.

Tumweke basi mwanafunzi wa kubuni katika chuo kimoja cha aina hiyo. Somo ni mwanzo wa Baba Metsia, kitabu cha Talmudi kuhusu madai ya mali. Watu wawili wamefika mahakamani wote wameshika joho moja. Huyu anasema, "Lote ni langu," na yule anasema vivyo hivyo. Hakuna shahidi. Hukumu ni kwamba kila mmoja aape kuwa ana haki katika joho hilo na kwamba haki yake haipungui nusu, kisha wagawane.

Kiapo hicho kimepimwa neno kwa neno. Mtu akiapa kuwa joho lote ni lake halafu akapewa nusu, mahakama itaonekana imepuuza kiapo chake. Akiapa kuwa nusu tu ni yake, amejikana mwenyewe, maana alidai lote. Na akisema tu "haki yangu haipungui nusu," mjanja asiye na haki yoyote anaweza kuapa hivyo huku moyoni akisema hana hata nusu ya kupungua. Ndiyo maana anatakiwa kutangulia kusema kwamba ana haki.

Mmoja akidai lote na mwingine nusu, mgawanyo hubadilika. Tuseme joho lina thamani ya dinari 12. Anayedai nusu amekwisha kukubali kwamba dinari 6 si zake, hivyo hizo hazina ugomvi. Zinazogombewa ni 6 zilizobaki, na hizo ndizo zinazogawanywa. Anayedai lote anaondoka na 9, mwenzake na 3.

Mwanafunzi anasimama. "Bwana wangu atufundishe. Katika kitabu cha Baba Batra watu wawili waligombea mashua, kila mmoja akasema ni yake, wala hakuna shahidi. Pale mahakama haikugawa. Ilijitoa, ikasema mwenye nguvu na ashinde. Joho ligawanywe kwa nini, na mashua isigawanywe?"

Hiyo ndiyo kushiya. Tazama alivyoijenga. Hakusema mwalimu amekosea. Ametaja kesi mbili, akaonyesha kuwa madai ni yaleyale na ushahidi ni uleule, yaani hakuna, kisha akaweka hukumu mbili zisizofanana. Adabu yenyewe imo katika umbo la swali. Talmudi inakemea vikali kumpinga mwalimu, lakini hiyohiyo inamsimulia Rabi Yohana akimlilia marehemu Reshi Lakishi, mwenzake aliyekuwa akimletea pingamizi 24 kwa kila kauli, naye Yohana akitoa majibu 24, na elimu ikapanuka.

Mwalimu anajibu, "Joho lilikuwa mikononi mwa nani?"

"Mwa wote wawili."

"Na mashua?"

"Hakuna aliyekuwa ameishika."

"Basi. Kitu kilichomo mkononi mwa mtu, sisi wenyewe ni mashahidi kwamba ni chake mpaka ithibitike vinginevyo. Wawili hawa kila mmoja ameshika, kwa hiyo ni kana kwamba kila mmoja ana nusu yake ya hakika. Kwenye mashua mahakama haina pa kuanzia."

Terutsi hii ndiyo inayopatikana katika Tosafoti za ukurasa huo, na ni nzuri kwa sababu tofauti iliyotumika imo ndani ya kesi zenyewe. Maneno ya kwanza ya matini ya joho ni "wawili wameshika." Mwalimu hakubuni kitu.

Mwanafunzi hajakaa bado. "Watu wawili waliweka amana kwa mtu wa tatu, mmoja sarafu za zuzi 100, mwingine 200. Sasa kila mmoja anasema zile 200 ni zake. Hukumu ni kwamba kila mmoja apewe 100, na 100 zilizobaki zikae mpaka aje nabii Eliya kufichua ukweli. Aliyetunza amana anashika kwa niaba ya wote wawili, kwa hiyo ni kana kwamba wote wameshika. Mbona hizo 100 hazigawanywi nusu kwa nusu?"

Hapa jibu la kwanza limefika mwisho wake, na mwalimu lazima aongeze kipimo cha pili. Wale wa joho huenda waliliokota pamoja, kwa hiyo kuligawa kunaweza kuwa ndiyo haki hasa. Kwenye amana mmoja ni mwongo bila shaka, na zile 100 za ziada ni za mtu mmoja tu. Ukizigawa hamsini hamsini, una hakika umempa mtu kisicho chake. Sasa kanuni ina miguu miwili: wote wawe wameshika, na mgawanyo wenyewe uweze kuwa kweli.

Kushiya huanguka kwa njia mbili hasa. Ya kwanza, kesi hazifanani tangu mwanzo na muulizaji hakusoma vizuri. Ya pili, nakala yake ina kosa la mwandishi. Hii ya pili ilikuwa na kishawishi chake, kwani ugumu wowote unaweza kufutwa kwa kufuta neno. Rabenu Tamu, mjukuu wa Rashi, aliwakaripia wanaosahihisha matini ya Talmudi kwa mikono yao. Mwenye rai aiandike katika sharhe yake, matini ayaache yalivyo.

Terutsi nayo huugua. Ugonjwa wake wa kawaida ni kubanwa: mwalimu anadai kesi ya pili inahusu hali maalumu ambayo matini hayakuitaja popote. Wanafunzi huisikia mara moja, na kushiya inabaki pale pale.

Katika Tosafoti mjadala wote huu hukaushwa mpaka ukabaki mistari michache. Swali hufunguliwa kwa "na ukisema," jibu kwa "inawezekana kusema." Ukiyakuta maneno hayo mawili, jua kwamba palikuwa na mtu aliyesimama, na mwingine aliyelazimika kufikiri upya.