Lipu ya ndani kwa mifuko na ndoo: dhana potofu na ukweli wake

Mtu anayejenga kwa fedha zake huuliza swali moja kabla ya kumwita fundi: lipu ya ndani itakula mifuko mingapi? Majibu anayopewa kijiweni huwa na namba nzuri, lakini mengi yamesimama juu ya dhana zisizo sahihi. Hapa nitazipima kwa chumba kimoja cha kulala chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 3, kilichojengwa kwa tofali za saruji za inchi 6, chenye mlango mmoja wa mita 0.9 kwa 2.1 na dirisha moja la mita 1.5 kwa 1.5.

Dhana: mfuko mmoja hupiga mita za mraba kadhaa, kwa hiyo eneo ligawanywe tu.

Mfuko wa saruji hutoa ujazo wa lipu, na ujazo huo utafunika eneo kubwa au dogo kulingana na unene uliochaguliwa. Anayekutajia mita za mraba kwa mfuko bila kutaja milimita na uwiano hajakuambia kitu.

Kuta za chumba chetu zina mzunguko wa mita 15, na kwa kimo cha mita 3 tunapata mita za mraba 45. Tukiondoa mlango na dirisha, kisha tukirudisha karibu nusu mita ya mraba kwa kingo za ndani za dirisha, ambazo nazo hupigwa lipu na husahaulika mara nyingi, zinabaki takriban mita za mraba 41. Kwa unene wa milimita 15, yaani mita 0.015, ujazo wa lipu iliyokwisha kukaa ukutani ni mita za ujazo 0.615. Mimi huongeza asilimia 20 kwa ajili ya viungo vya tofali, mashimo na ile inayodondoka chini, na hesabu inafika 0.74.

Mtu angechagua milimita 12, chumba hichohicho kwa uwiano wa 1:5, yaani fungu moja la saruji kwa matano ya mchanga, kingetaka mifuko 3.7 hivi, kwa milimita 15 kinataka 4.6, na kwa milimita 20 kinapita 6. Namna mifuko hiyo inavyopatikana ndiyo inayofuata.

Dhana: ndoo moja ya saruji na ndoo tano za mchanga hutoa ndoo sita za lipu.

Chembe za mchanga zina nafasi kati yake, na saruji pamoja na maji huingia humo, hivyo mchanganyiko ukishakorogwa hupungua. Ili kupata mita moja ya ujazo ya lipu mbichi, inahitajika kama mita 1.3 ya vitu vikavu. Kwa chumba chetu, 0.74 mara 1.3 ni 0.96. Uwiano wa 1:5 una mafungu sita, na fungu moja, yaani 0.16, ni la saruji. Mita moja ya ujazo ya saruji huhesabiwa kuwa kilo 1,440, kwa hiyo tunahitaji kilo 230, ambazo ni mifuko 4.6 ya kilo 50. Mchanga mkavu ni mita za ujazo 0.80.

Pale kazini, mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Mafungu matano ya mchanga ni lita 175, sawa na ndoo tisa kasoro za lita 20, zikiwa zimejazwa na kupangusiwa juu kwa ubao. Fundi akimwaga makarai bila kuyahesabu, au akipima kwa koleo, uwiano ulioandikwa kwenye makadirio haupo tena ukutani.

Dhana: unene uliochaguliwa ndio unene utakaopigwa.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Milimita 15 ni unene wa ukuta ulionyooka, na kuta nyingi hazijanyooka. Kabla ya kununua chochote, ning'iniza timazi kwenye kila ukuta na upime nafasi kati ya uzi na tofali juu, katikati na chini; kisha vuta uzi kutoka kona hadi kona uone tumbo la ukuta.

Nilishawahi kupima chumba cha vipimo kama hivi na kukuta ukuta mmoja wa mita 4 umelalia nje kwa milimita 20 upande wa juu. Lipu iliyokuwa milimita 15 pale chini ilibidi iwe 35 juu ili uso usimame wima, na wastani wa ukuta ule ukawa milimita 25. Milimita 10 za ziada kwenye mita za mraba 12 ni mita za ujazo 0.12 za lipu, ambazo kwa 1:5 ni robo tatu ya mfuko pamoja na mita 0.13 za mchanga. Jumla ikawa 5.35, yaani ununue mifuko 6. Mwenye nyumba alikuwa amenunua 5 na alianza kumshuku fundi wizi, ilhali mwizi alikuwa mwashi wa miezi mitatu iliyopita.

Unene kama huo haupigwi kwa mara moja, kwa sababu lipu mbichi ya milimita 35 hulemewa na uzito wake, ikashuka na kupasuka kwa mistari ya mlalo. Hupigwa tabaka la kwanza, likakwaruzwa na kuachwa likakaze, ndipo la pili lifuate.

Dhana: saruji ikizidi, lipu huwa imara zaidi.

Kwa uwiano wa 1:4 chumba hiki kingekula mifuko 5.5 hata bila ule ukuta uliolala. Gharama hiyo hununua nyufa nyembamba, kwa kuwa lipu yenye saruji nyingi hunywea zaidi inapokauka na hujivuta kutoka kwenye tofali. Igonge kwa mpini wa mwiko: ikilia utupu, imeshaachana na ukuta.

Dhana: mchanga ni mchanga, uwe mkavu au mbichi.

Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, kwa sababu utando wa maji hutenganisha chembe zake. Jaza mchanga huo kwenye chombo chenye kuta zilizonyooka hadi kimo cha milimita 200, uondoe, umwage maji kiasi, kisha uurudishe ndani ya maji ukiukoroga na kuuacha utulie. Ukikuta kimo kimeshuka hadi 160, mchanga wako umevimba kwa robo nzima; ndoo tano ulizopima zilikuwa na mchanga wa ndoo nne, na ulichochanganya ni 1:4 bila kujua.

Kwa chumba chetu, mita 0.93 za mchanga mkavu, ukijumlisha ule wa ukuta uliolala, huwa 1.16 ukinunuliwa ukiwa na unyevu wa namna hiyo. Halafu kuna chekeche: chekecha ndoo kumi za majaribio, na ikiwa moja imebaki kama kokoto, gawanya 1.16 kwa 0.9. Hiyo ni mita 1.3 za ujazo za kuagiza, na lori likifika, pima kwa futi urefu, upana na kina cha mchanga ndani ya bodi kabla halijamwaga.