Je, wajua kwa nini apu inakutoa ukifika Dubai?

"Nikiwa Nairobi naingia kwa apu ya kazi na inakaa lisaa limoja fresh, mbona nikifika Dubai naingia tu inanitoa hapo hapo?"

Kwanza, ile saa ya simu uliibadilisha kwa mkono? Kama ni ndiyo, basi hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Ukiingia, seva inakupa tokeni, yaani kama tiketi ya kukaa ndani ya apu, na ndani yake kuna muda wa kuisha. Huo muda si saa ya Nairobi wala ya Dubai, ni hesabu ya sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa ya kipimo cha dunia nzima, na sisi Nairobi tuko masaa matatu mbele ya UTC. Tuseme imeandikwa hivi:

```
"exp": 1767254400
```

Hiyo ni 1 Januari 2026, 08:00 UTC, yaani saa tano asubuhi Nairobi na saa sita mchana Dubai. Ni sekunde moja ile ile dunia nzima, kwa hivyo kusafiri peke yake hakupunguzi kitu.

Sasa angalia. Umeshuka Dubai, ukutani ni saa tano asubuhi, simu bado inasema saa nne, ukasogeza mshale lisaa limoja mbele na kuacha eneo likiwa Nairobi. Kwa macho yako iko sawa kabisa, lakini simu haijui umesafiri, inatoa masaa matatu kama kawaida na kupata 08:00 UTC wakati ukweli ni 07:00. Tokeni uliyopewa dakika hiyo ni ya lisaa limoja, inaisha 08:00, apu ikichungulia saa ya simu inaona imeshakufa, inakutoa. Ukiingia tena, hivyo hivyo. Apu nyingi zinavumilia saa ikipishana dakika chache, lakini si lisaa zima.

Vyeti vya tovuti, vile vinavyoithibitishia simu kwamba tovuti ni ya kweli, navyo vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, zote kwa UTC. Ukienda London wakati wa baridi ukarudisha saa masaa matatu nyuma kwa mkono, cheti kilichotolewa asubuhi hiyo kinaweza kuonekana bado hakijaanza, na Chrome inakuletea `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. (Watu hukimbilia kulaumu waifai ya hoteli, maskini.)

Dawa ni kurudisha saa na eneo kwa otomatiki. Kwa laptopu ya Linux au Mac andika:

```
date -u
```

Ikiwa ukutani Dubai ni 11:00, hapo lazima usome 07:00. Ukisoma 08:00, umeshampata mwizi.

Lakini kama saa iko sawa, ulitolewa mara moja tu ulipofika, ukaingia tena na ikakaa, hiyo si saa. Kuna seva zinazokata ukibadilisha mtandao au nchi ghafla, hata kama tokeni bado ina muda, na hapo hata ucheze na setingi za simu mpaka kesho haitasaidia.