Kuhakiki rasimu ya hukumu kabla haijasainiwa: mfano wa rufani ya zabibu

Rasimu za rufani ndizo zenye makosa mengi ya majina ya wadaawa, kwa kuwa kila mmoja ana majina mawili: alilokuwa nalo mahakama ya chini na alilonalo sasa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa Hombolo alimshtaki mnunuzi wa zabibu wa Dodoma mjini. Alidai kilo 7,000 kwa shilingi 1,200 kila moja, yaani 8,400,000. Ukitoa malipo ya awali ya 2,000,000, zinabaki 6,400,000. Mkulima alishinda, mnunuzi akakata rufani. Kwa hiyo mdaiwa sasa ni mrufani, na mdai ni mjibu rufani.

Katika rasimu, aya ya 9 inasema: "Mrufani alikiri kupokea shilingi 2,000,000." Aliyezipokea ni mkulima. Sentensi ilinakiliwa kutoka hukumu ya chini, neno "mdai" likabadilishwa vibaya, na sasa mnunuzi anaonekana amelipwa fedha alizotoa mwenyewe. Msomaji wa haraka hulipita kosa hili, maana sentensi haina dosari yoyote ya lugha.

Chagua jozi moja ya majina, iandike kwenye aya ya kwanza, kisha utafute jozi nyingine kwenye rasimu nzima. Ukitumia Word, usibonyeze Replace All. Neno "mdai" limo ndani ya "mdaiwa", hivyo utazalisha "mjibu rufaniwa" kila ukurasa. Weka alama kwenye Find whole words only, halafu pitia moja moja. Maneno yaliyonukuliwa kutoka kwenye mwenendo wa shauri yaache yalivyo, hata kama yanasema "mdai". Angalia pia sentensi kama "alimweleza kuwa atamlipa akifika". Nani amlipe nani? Hapo rudisha jina la mdaawa, hata kama sentensi itakuwa nzito kidogo.

Ukimaliza majina, anza upya na ukweli wa shauri. Kila tarehe, kiasi na namba ya kielelezo iandikiwe pembeni kwa penseli ukurasa wa mwenendo inakotoka. Isiyopata ukurasa ina tatizo. Katika mfano wetu rasimu inasema SM2, yaani shahidi wa pili wa mdai, aliona kilo 7,000 "zikipokelewa kiwandani". Mwenendo unaonesha alisema zilipimwa na kupakiwa Hombolo. Hati ya mapokezi ya kiwanda, kielelezo cha utetezi, inaonesha kilo 6,000 zilipokelewa na 1,000 zikakataliwa kwa kuoza. Kosa hili linagusa kiini chenyewe cha rufani. Hakikisha pia kwamba hati hiyo ilipokelewa na mahakama kama kielelezo, wala haikuishia kutajwa au kutambuliwa na shahidi tu. Na pale shahidi alipodai jambo, rasimu iseme "alieleza kuwa", isiligeuze kuwa jambo lililothibitika.

Amri zisome kuanzia mwisho kurudi nyuma: kwa kila amri, tafuta aya inayoibeba. Rasimu yetu, aya ya 17, inakubali kwamba kilo 1,000 zilikataliwa kihalali. Hesabu basi ni 6,000 mara 1,200, yaani 7,200,000, toa 2,000,000, zibaki 5,200,000. Lakini ukurasa wa mwisho unasema: "Rufani inatupwa kwa gharama." Amri hiyo inaiacha hai hukumu ya 6,400,000, na dalali wa mahakama atakamata mali kwa kiasi ambacho mahakama yenyewe imekikataa. Amri inayolingana na sababu ni kwamba rufani inakubaliwa kwa sehemu, na kiasi cha 6,400,000 kinabadilishwa kuwa 5,200,000.

Gharama na riba ndizo amri zinazopenda kujitokeza bila aya yoyote nyuma yake. Kwa deni la hukumu ya madai, Amri ya 20 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inaweka riba ya asilimia 7 kwa mwaka tangu hukumu inaposomwa hadi deni lilipwe, au kiwango kingine ambacho wadaawa wamekubaliana bayana, kisichozidi asilimia 12. Ukikuta asilimia 12 bila kutajwa makubaliano, uliza.

Uliza, usirekebishe. Tahajia na namba ya ukurasa unaweza kuzisahihisha mwenyewe, lakini aya ya 17 inapogongana na amri, huwezi kujua kipi jaji alikusudia. Mwandikie: "Aya ya 17 inatoa 5,200,000, amri inabakiza 6,400,000. Ipi?" Hilo lifanyike kabla ya kusaini. Hukumu ikishasomwa, mahakama inaweza kusahihisha makosa ya kiuandishi, ya hesabu na ya kupitiwa tu. Anayetaka sababu zenyewe zibadilike atalazimika kuomba mapitio au kwenda ngazi ya juu.