Kuvuliwa taarifa si kudukuliwa: kisa cha vocha za supamaketi

Kila vocha ya bure inaposambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, utasikia “fulani kadukuliwa”. Kudukua ni kuvunja ulinzi na kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila ridhaa yake. Vocha hizi hazivunji kitu. Ni utapeli wa kuvua taarifa: mhusika hujaza fomu mwenyewe, na ujumbe huutuma kwa mkono wake.

Chukua ule wa Uingereza wa mwaka 2017. Ujumbe ulidai kwamba supamaketi ya Asda inagawa vocha za pauni 250 kuadhimisha miaka 68. Hesabu ilikuwa sawa, maana Asda ilianza 1949, na ndiyo maana wengi waliamini. Kasoro ilikuwa kwenye anwani ya tovuti iliyokuwa kwenye kiungo: badala ya d palikuwa na đ, herufi yenye kistari kidogo ambacho kwenye kioo cha simu hukioni kirahisi. Kwa kompyuta hizo ni anwani mbili zisizohusiana kabisa, na ya pili inaweza kusajiliwa na yeyote.

Ukurasa wa namna hii huwa na nembo, maswali matatu au manne mepesi ambayo jibu lolote ni sahihi, na maoni ya “waliokwisha pata” yaliyoandikwa humo humo na tapeli. Kisha unaambiwa usambaze kwa marafiki au magrupu kadhaa mpaka mstari wa kijani ujae. Mstari huo unahesabu mara ulizobonyeza kitufe tu. WhatsApp haiuarifu ukurasa kama ujumbe umetumwa kweli, kwa hiyo hauna uwezo wa kukuhakiki. Fomu ya jina, simu, barua pepe au kadi ya benki huja mwisho, wakati umeshamletea tapeli watu wengine.

Hapo ndipo neno “kadukuliwa” linapoleta hasara. Anayeamini kadukuliwa hufuta programu au kununua simu nyingine, ilhali taarifa zilizokwenda hazirudi kwa njia hiyo. Kama ulifungua kiungo tu bila kujaza wala kupakua kitu, kwa kawaida inatosha kufunga ukurasa na kuondoa ruhusa ya arifa uliyoupa kwenye kivinjari. Kama uliandika nambari ya kadi, pigia benki iifunge leo. Kama ulitoa nambari ya simu, tarajia mtu atakayejifanya wakala wa zawadi na kuomba tarakimu sita zilizokuja kwa SMS. Hizo ndizo za kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukimpa, akaunti inaondoka.

Kwenye grupu, aliyetuma anaweza kuufuta ujumbe kwa wote ndani ya takriban siku mbili, na admini anaweza kumfutia. Kwa hiyo mwenzenu akituma vocha, msimwambie kadukuliwa. Muulizeni alijaza nini.