Wiki mbili na deli moja, kabla ya kununua friji

Kila kikoba kinapovunjwa na watu kupata mgao wao, napokea maswali ya aina moja: nianzishe biashara gani ya pembeni? Mimi hushauri vikundi vya akiba hapa Dar es Salaam, na swali langu huwa hili: je, wazo hilo unaweza kulijaribu kwa wiki mbili bila kugusa mgao wako?

Mwaka jana alinijia mwalimu wa shule ya msingi akiwa na shilingi 1,800,000. Alitaka kuuza juisi baridi. Friji alikwishalichagua, fundi wa kibanda alikwishampa bei, na mwenye eneo alikuwa anasubiri kodi ya miezi sita. Nilimwomba asubiri, kwa sababu jambo asilolijua halikuwa friji. Kutengeneza juisi anajua. Hakujua kama mtu asiyemfahamu atampa shilingi 1,000 kwa chupa ya mililita 300, kisha kesho arudi.

Kwanza tulikokotoa lengo kabla ya kuuza hata chupa moja, maana ukishaanza kuuza moyo hukubali namba yoyote. Kibanda kingemla kodi shilingi 2,000 kwa siku, umeme 1,000, na muuzaji 5,000, kwa kuwa yeye mchana yuko darasani. Hiyo ni 8,000. Mwenyewe alitaka abaki na 10,000. Kwa hiyo kila siku juisi ilipaswa kuleta 18,000 baada ya kutoa gharama za kuitengeneza.

Kisha majaribio. Aliazima deli, akatumia blenda ya nyumbani, akatenga shilingi 100,000 tu. Mdogo wake aliuza karibu na kituo cha bajaji kuanzia saa tisa alasiri, naye alilipwa 5,000 kila siku. Hapo sikukubali msaada wa bure wa ndugu: nguvu isiyolipwa huficha hasara, na siku ndugu akichoka ndipo unagundua biashara haikuwahi kulipa. Tulichagua wiki moja kabla ya mshahara na moja baada yake. Ukijaribu mwisho wa mwezi peke yake, utadhani kila mtu ana kiu na hela.

Daftari lilikuwa na safu nne: zilizotengenezwa, zilizouzwa kwa wanaotufahamu, zilizouzwa kwa wageni, na wageni waliorudi. Aliyerudi aliwekewa alama. Hakuna aliyeonjeshwa bure wala kupunguziwa bei.

Wiki ya kwanza ilimfurahisha: chupa 27 kwa siku. Lakini safu ya pili ilionyesha kuwa 15 kati ya hizo zilinunuliwa na walimu wenzake na majirani. Wiki ya pili hao walipungua, kama ninavyoona kila mara, zikabaki chupa 18 hivi kwa siku, nyingi zikiwa za wageni.

Pasheni ndiyo iliyopendwa zaidi, ila lita tisa zilitumia matunda ya 12,000, sukari 3,000, chupa 4,500, barafu na maji 3,000. Zilitoka chupa 30, kila moja ikiwa imegharimu 750. Ukwaju uligharimu 500. Yaani kwa kuuza ukwaju mtupu angehitaji chupa 36 kwa siku kufikia lengo, na kwa pasheni chupa 72. Alikuwa anauza 18. Kwa namba hizo, hata angeuza ukwaju peke yake, faida ya 9,000 ingemezwa karibu yote na kodi, umeme na muuzaji.

Siku ya tisa ilileta kitu ambacho hatukukipanga. Mwenye duka jirani aliomba awekewe chupa 20 za ukwaju kwa mali kauli, kwa bei ya 750. Siku za mwanzo, chupa tatu zilirudi kila jioni, na juisi isiyo na dawa ya kuhifadhi hailali dukani. Zilizouzwa 17 zilileta 12,750, gharama ya zote 20 ni 10,000, faida 2,750. Alipopunguza hadi 16 hazikurudi tena, faida ikapanda hadi 4,000, bila kibanda wala muuzaji.

Wiki mbili hizo hazikutuonyesha kila kitu. Zilikuwa za jua kali, na masika, kati ya Machi na Mei, watu hawaikimbilii juisi baridi. Kwa hiyo alikubali kuendelea na chupa 16, akitumia friji lake la nyumbani, hadi mvua zipite. Fundi wa kibanda alipigiwa simu akaambiwa asubiri. Sasa mwalimu anatafuta duka la pili, mtaa wa pili, na kwa hilo pia ameanza na chupa 10 na safu zake nne.