Rangi ya nywele na nguo kwenye picha: hakiki kabla ya kuwasilisha

Tangu sisi wakaguzi wa picha mnazowasilisha tuanze kurudisha zilizobadilishwa rangi vibaya, barua nyingi tunazopokea zinafanana: "Mbona kwenye simu yangu iko sawa?" Chini yake kuna picha ya skrini, eti ushahidi. Picha ya skrini haithibitishi rangi. Inanakili namba za rangi ambazo simu inazichora, si mwanga unaotoka kwenye kioo. Ndiyo maana ukiwa umewasha mwanga wa usiku, wewe unaona kila kitu kina umanjano, lakini picha ya skrini kwa kawaida hutoka bila umanjano huo.

Chukua faili moja tulilolirudisha. Nywele nyeusi ziligeuzwa kuwa damu ya mzee, gauni likawa kijani, mandhari ya nyuma yakafutwa. Kwenye ukurasa mweupe haikuonekana kasoro. Mkaguzi alipowasha hali ya giza, utando mweupe ukajitokeza kuzunguka nywele. Hali ya giza haikuigusa picha, ilibadilisha tu kilicho nyuma yake. Piseli za kwenye ncha za nywele huwa zimepitisha mwanga nusunusu, na hizi zilibaki na weupe wa ukuta wa awali kwa sababu rangi mpya haikufika huko.

Weka tabaka chini ya picha, ulijaze nyeupe #FFFFFF, kisha kijivu cha giza #121212, kisha nyeusi #000000. Kila mara kuza hadi 200% upitie masikioni na mabegani. Ukiona utando, funga uwazi wa tabaka la nywele, kisha paka zile ncha rangi ya nywele zilizo jirani. Usikate kingo ndani zaidi: utaondoa utando pamoja na nywele nyembamba, na sisi tunaletewa vichwa vilivyokaa kama kofia.

Gauni nalo lilipauka kwenye simu nyingine. Faili lilikuwa la Display P3, mfumo wa rangi wenye upeo mpana kuliko ule wa kawaida wa sRGB, likapita kwenye programu iliyotupa wasifu wa rangi, yaani maelezo ya jinsi namba zake zinavyosomwa, na simu ikazisoma namba zilezile kama sRGB. Geuza faili kuwa sRGB kabla ya kulihifadhi. Kubandika jina la sRGB bila kugeuza namba kunaleta mpauko uleule.

Hapo ndipo ushike simu mbili, moja ya LCD na nyingine ya OLED, zote mwanga wa usiku ukiwa umezimwa na mwangaza ukikaribiana. Hazitalingana, na hatudai zilingane. Tunaangalia kama nywele zilizo kivulini bado zinasomeka damu ya mzee badala ya kuzama kwenye weusi, na kama mikunjo ya gauni ipo.

Faili likirudishwa, leta PNG iliyorekebishwa pamoja na picha ya awali, zote zikiwa zimetumwa kama nyaraka. Zikitumwa kama picha za kawaida kwenye programu ya ujumbe hubanwa, na ombi linarudi mwisho wa foleni hata kama marekebisho yako ni sahihi.